Kibarua wa fensi Dar, umlipe shingapi kwa saa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa naongelea kazi moja tu, fensi ya nguzo za zege na seng'enge kuzunguka kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 25, kibarua mmoja ndo anashika kazi na msaidizi anaingia siku chache, na nguzo, simenti, mchanga na waya unanunua wewe. Ukuta wa tofali ni habari nyingine kabisa, ule ni wa fundi na una hesabu zake. Bei nilizoweka ni za mfano ili hesabu ionekane, kwa hiyo kabla hujatamka chochote pita saiti mbili tatu za mtaani kwako uliza saidia fundi anachukua ngapi kwa siku, afu weka namba yako pale nilipoweka yangu.

Kwanza kwa nini nilipe kwa saa? Watu wote wanalipa kwa siku

Kwa siku ni sawa kama una uhakika wa siku nzima. Shida ya fensi ni kwamba siku zake zinakatika katika: leo kuchimba, kesho nguzo hazijaletwa, kesho kutwa mvua, alafu ukishamwaga zege inabidi usubiri siku kadhaa ndo uvute waya. Ukilipa kwa siku hapo lazima mtagombana, we utaona umelipa siku nzima kwa kazi ya asubuhi tu, yeye ataona umemwita amekosa saiti nyingine ukampa nusu. Saa inamaliza huo ugomvi ila kwa sharti moja, ipangwe vizuri, maana saa iliyopangwa vibaya inambebesha kibarua hasara yote ya siku zilizokatika.

Haya, saa moja ni shingapi?

Watu wengi wanachofanya ni kuchukua hela ya siku wanagawa kwa masaa basi. Tuseme mtaani kwako anayechimba na kubeba zege anachukua 20,000 kwa siku, anajilisha mwenyewe, vifaa ni vya mwenye kazi. Anaingia saa 1 asubuhi anatoka saa 10 jioni, hayo ni masaa 9, toa saa moja ya mchana yanabaki 8. Elfu ishirini gawa kwa 8 ni 2,500. Hapo ndo wengi wanaishia na hapo ndo kosa lilipo.

Angalia hivi. Yule wa siku akishaitwa ana uhakika na elfu ishirini yake hata kama lori la mchanga limechelewa. Wa saa hana. Chukua wiki ya siku sita, siku nne kafanya masaa 8 kamili na siku mbili umemwachia baada ya masaa 5 kwa sababu vifaa viliisha. Jumla ni masaa 42. Angekuwa wa siku angeondoka na 120,000. Sasa 120,000 gawa kwa 42 unapata kama 2,857. Kwa hiyo ili asiwe amepoteza kwa kukubali mfumo wako wa saa inabidi awe kwenye 2,850 hivi, na mimi nazungushia 3,000 kwa sababu zile siku mbili zilizokatika hakupata pa kwenda, saiti zinachukua watu asubuhi, ukimwachia saa 6 mchana siku yake imeshaisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, hela ya siku ya mtaani gawa kwa masaa halisi ya kazi, afu ongeza kama sehemu moja ya tano. Kama una uhakika kazi haitakatika kabisa, nguzo ziko saiti, mchanga upo, maji yapo, unaweza kuongeza pungufu ya hapo. Kama unajijua vifaa unanunua kwa kuungaunga, ongeza zaidi au lipa kwa siku tu yaishe.

Si kuna kima cha chini cha serikali? Kwa nini nisitumie hicho?

Kipo, na kinatofautiana sekta kwa sekta. Amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi imeanza Januari 1, 2026, na serikali ilipoitangaza ilisema avareji ya kima cha chini imepanda kutoka 275,060 mpaka 358,322 kwa mwezi. Ukitaka kuona hiyo kwa saa unagawa kwa 195, kwa sababu wiki ya kazi kisheria ni masaa 45 na mwezi una wiki 4.333. Inakuja kama 1,840 hivi.

Ila hiyo ni sakafu. Imewekwa kwa mtu mwenye kazi kila siku na mshahara kila mwezi, huyu wako ana masaa yasiyofika hamsini afu anarudi kijiweni kusubiri. Ukimlipa 1,840 ukajisifu umefuata avareji ya serikali utampata siku ya kwanza tu, ya pili simu haipokelewi. Tumia hiyo namba kuangalia kama hujashuka chini sana, bei yenyewe itoke mtaani.

Nikimpa chakula napunguza kiasi gani?

Hapa ndo watu wanapigana chenga. Mwenye kazi anapika wali maharage nyumbani, anapiga hesabu kama mgahawa wa Posta, anakata elfu tano kwa siku. Haiwezekani.

Unachoweza kupunguza ni kile ambacho kibarua angetoa mfukoni mwake kweli kama usingempa. Kama mama ntilie wa jirani anauza ugali maharage 2,500, basi mchana ni 2,500, hata kama wewe umempikia kuku. Hakuomba kuku. Gawa 2,500 kwa masaa 8 ni kama 310, mimi nakata 300, kwa hiyo 3,000 inakuwa 2,700. Basi, usikate zaidi ya hapo.

Chai ya asubuhi mimi siikati. Mtu kaamka saa 10 alfajiri kapanda daladala mbili, ukimpa chai ya maziwa na chapati mbili saa 3 unapata mtu anayechimba mpaka saa 6 bila kusimama, ukimnyima saa 4 mtaimbo unaanza kupanda polepole. Faida ni yako, lipia mwenyewe. Maji ya kunywa ndo usitaje hata kidogo kwenye bei, jua la Dar la Februari sio la mchezo, weka ndoo yenye mfuniko kivulini na kikombe chake.

Jambo lingine ambalo watu wanalisahau ni kwamba chakula kiwe makubaliano, sio amri. Wengine wanafunga, wengine hawali nyama fulani, mwingine anataka hela yake yote kwa sababu mchana anakula kiporo alichobeba. Muulize siku ya kwanza, "Kaka, unakula hapa au nikupe yako ujitegemee?" Akisema anajitegemea anarudi kwenye 3,000. Na ukishakubali kumlisha afu siku moja mama hayupo nyumbani, jikoni hakujawashwa moto, siku hiyo unampa 2,500 mkononi kabla ya saa 7, usimwambie "leo tuvumiliane" wakati ulishamkata.

Saa ya kula inalipwa?

Mapumziko ya mchana ya saa moja hailipwi, na usimnyime, sheria ya ajira ya 2004 inasema mtu akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo apate dakika 60 za kupumzika. Chai ya dakika 15 au 20 mimi naiacha ndani ya masaa. Ukianza kukata dakika za chai naye ataanza kuzihesabu dakika zako.

Vifaa nani alete?

Kwa fensi ya aina hii unahitaji mtaimbo, sururu, chepe, toroli la kukodi au kuazima, ndoo mbili, kamba ndefu ya kunyooshea, futi kamba, pima maji, plaizi nzito ya kukatia na kukaza waya, nyundo, na glavu ngumu za ngozi. Sio zile za kitambaa, seng'enge inazipita kama hazipo.

Mimi nashauri mwenye kazi awe na mtaimbo, chepe na glavu, kwa sababu utavihitaji tena na glavu ni usalama wa mtu, hauwezi kumwambia aje na usalama wake. Sururu na plaizi wengi wanapenda zao, mkono umeshazizoea.

Akija na vyake lipia matumizi. Hesabu yake ni nyepesi, chukua bei ya kununua seti nzima hadiwea, gawa kwa masaa ambayo itadumu. Tuseme seti ya kuchimba na kukazia waya ni 90,000 na kwa kazi ngumu inaishi masaa 600 hivi, hiyo ni 150 kwa saa, ongeza kidogo ya kunoa na mipini, weka 200. Kwa hiyo mwenye seti yake nzima anakuwa 3,200 kama anajilisha. Kama kaja na sururu na plaizi tu, ongeza 100. Inaonekana hela ndogo lakini kibarua anaiona, na anayeona vifaa vyake vinalipiwa anakuja na vifaa vizima. Asiyelipiwa anakuja na sururu ya mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, unachomoka kila baada ya dakika kumi, na dakika hizo unazilipia wewe.

Mpini ukivunjika au chepe ikipotea je?

Mpini kuvunjika kwenye kazi ni gharama ya kazi, kama kifaa ni chako nunua, kama ni chake na ulikuwa unampa ile 100 au 200 basi ananunua yeye, ndo maana ya ile hela. Isipokuwa kama wewe ndo ulimwambia ang'oe kisiki kwa sururu, hapo lipa bila maneno.

Kupotea ni kitu kingine. Usikate tu kimya kimya siku ya malipo. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, ila mpaka uwe umemwandikia sababu na kiasi, umempa nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Kwa kazi ya mtaani naona hiyo robo ni kipimo kizuri hata kama hamna karatasi nyingi. Dawa yenyewe ni kuhesabu vifaa pamoja jioni kabla hajaondoka, mnaviingiza ndani wote wawili.

Saa inaanza kuhesabiwa lini, na mvua ikinyesha?

Inaanza akishafika saiti kwa muda mliopatana na yuko tayari kufanya kazi, sio wewe ukishaamka. Kama mmepatana saa 1 na umefungua geti saa 1:40, hizo dakika 40 ni zako. Akichelewa yeye ni zake. Kama lori la mchanga halijafika na umemwambia asubiri, analipwa, ila mpe cha kufanya, akate mapande ya waya wa kufungia, asafishe mstari, anyooshe kamba.

Mvua weka sharti la masaa manne. Yaani ukimwita akafika, hata kama mvua imekatisha kazi baada ya saa moja, analipwa masaa manne. Bila hilo sharti mfumo wa saa ni dhuluma, hasa Machi mpaka Mei na ile mvua ya vuli, mtu katumia nauli kwenda na kurudi anarudi nyumbani na 3,000. Ukiona wingu zito tangu alfajiri mpigie simu kabla ya saa 11 na nusu, mwambie asije, hapo hudaiwi kitu na yeye anaweza kutafuta kwingine.

Nitajuaje kwamba havuti muda?

Chimba mashimo matatu ya majaribio. Siku ya kwanza asubuhi, chagua kona mbili na sehemu moja ya katikati, kaa pale, angalia saa, achimbe kwa kasi yake ya kawaida. Shimo la nguzo ni sentimita 60 kwenda chini na upana kama 30. Chukua avareji ya hayo matatu, hiyo ndo kasi ya kazi, mnaiandika wote mnaikubali. Baada ya hapo huna haja ya kusimama juu ya kichwa cha mtu, unahesabu mashimo jioni.

Udongo ndo unaamua kila kitu. Mchanga wa Kigamboni shimo linachimbika haraka lakini linabomoka, ukikuta maji ndo kabisa, unachimba pana mara mbili na simenti inaongezeka. Upande wa Tegeta na Wazo kuna chokaa chini, si ndo maana kiwanda cha simenti kiko pale, na ukianguka kwenye mwamba shimo moja linaweza kula saa moja na nusu au mbili, mtaimbo unadunda tu. Kwenye mfinyanzi kiangazi ni kigumu kama tofali, jioni ya jana mwagia maji sehemu za mashimo ya leo, inapunguza muda sana na haina gharama.

Kina usikipime kwa macho. Funga utepe mwekundu kwenye mtaimbo sentimita 60 kutoka kwenye ncha, shimo limefika utepe ukilingana na usawa wa ardhi. Kibarua anayeharakisha anachimba 40, juu linaonekana shimo zuri tu, na utakuja kujua siku ya kuvuta waya.

Na kabla ya shimo la kwanza tafuta bikoni zako zote, muite jirani aone kamba ilipopita. Ukichimba ndani ya kiwanja cha mtu, masaa ya kufukia na kuchimba upya ni yako, usimwangalie kibarua.

Naomba mfano wa kazi nzima

Kiwanja 20 kwa 25, mzunguko mita 90. Nguzo kila mita 2.5, kwa hiyo ukizunguka kote ni nguzo 36. Mbele unaacha geti la mita 5 katikati, nguzo moja inatoka, zinabaki 35. Seng'enge mistari mitano kwa mita 85 ni mita 425, angalia urefu ulioandikwa kwenye roli kabla hujalipa na uongeze kidogo ya kufungia kwenye kona.

Masaa: kufyeka mstari na kuvuta kamba 6. Mashimo 35 kwa nusu saa kila moja, udongo wa kawaida, ni 17.5. Kusimamisha nguzo na kumwaga zege ni dakika 20 kila nguzo lakini ya watu wawili, maana nguzo moja inakaribia kilo 50 na lazima mmoja ashike na pima maji wakati mwingine anashindilia, kwa hiyo ni kama masaa 11.5 kila mtu. Hapo mnasimama siku tatu nne zege ikomae, kona afadhali wiki nzima. Kuvuta waya masaa 8 ya watu wawili. Kusafisha na kukusanya vipande vya waya 2.5, na hivi vipande viokotwe kweli, watoto wanatembea pekupeku.

Kibarua mkuu anapata masaa 45.5. Anakula kwako, kaja na sururu na plaizi, kwa hiyo 2,700 ongeza 100 ni 2,800 kwa saa, jumla 127,400. Msaidizi hana kifaa, 2,700 kwa masaa 19.5 ni 52,650. Jumla ya hela ya watu 180,050. Chakula na chai kwa siku sita za mkuu na tatu za msaidizi, tuseme 4,000 kwa kichwa, ni 36,000. Unafika 216,050. Weka pembeni masaa kumi ya dharura, 28,000, kwa hiyo kuwa na 245,000 mkononi kabla hujaanza. Masaa ya dharura yasipotumika ni yako, usimwambie yapo.

Zile siku za kusubiri zege mwambie mapema, siku ya kwanza kabisa, ili apange kazi nyingine. Usimweke roho juu na "ntakupigia".

Kibarua mwenyewe anataka kwa shimo, anasema 1,000. Si rahisi zaidi?

Gawa kwanza. Shimo nusu saa, maana yake 2,000 kwa saa, uko chini ya bei yako mwenyewe ya 2,800. Kwa bei ya haki shimo linakuja 1,400. Kwenye udongo laini anaweza kuchimba matatu kwa saa akatoka vizuri, sawa, lakini akikuta mwamba saa na nusu kwa 1,000 atakuachia mashimo kumi na mbili akaenda choo asirudi. Ukitaka kwa shimo, fanya baada ya yale mashimo matatu ya majaribio na muwekeane kwamba shimo lenye mwamba linarudi kwenye saa. Kusimamisha nguzo na kuvuta waya usifanye kwa nguzo hata siku moja, atakimbiza na fensi itapinda.

Akifanya mpaka jioni sana, au Jumapili?

Masaa 9 kwa siku ndo mwisho wa kawaida kisheria, zaidi ya hapo ni mara moja na nusu, kwa hiyo 2,800 inakuwa 4,200, na kwa siku yote isizidi 12 hata pamoja na ovataimu. Siku yake ya mapumziko ya wiki ni mara mbili. Binafsi sioni faida ya ovataimu kwenye kuchimba, saa ya kumi ni ya mtu aliyechoka na unailipa ghali. Afadhali muanze saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijakolea, mnamaliza saa 9 na nusu.

Akiumia?

Seng'enge ikikatika wakati imevutwa inaruka, inachana mkono au uso. Glavu, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole, na asiwepo mtu kwenye mstari wa waya wakati inakazwa. Akichanwa osha kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya wamwangalie na sindano ya pepopunda kama hajachanja, gharama ni yako na masaa ya siku hiyo unamlipa. Hiyo hela haitoki kwenye malipo yake.

Advansi nitoe? Na nilipe lini?

Usilipe kazi nzima mbele, wala usimwekee mpaka fensi iishe, kuna siku za zege katikati na ana familia. Mimi napenda kila jioni nampa nusu ya masaa aliyofanya na nusu inayobaki kila Jumamosi. Asubuhi ya kwanza nauli tu kama anatoka mbali.

Nunua daftari la mia tano. Kila jioni mstari mmoja, mnausoma wote kwa sauti afu anaweka sahihi au herufi za jina lake. Mfano: "Jumanne, 1:00 hadi 10:00, mchana saa 1, masaa 8, mashimo 14, kala, 22,400, kapewa 11,200, baki 11,200." Ukituma kwa simu weka na ya kutolea, usimpe 11,200 afu akatwe njiani.

Nguzo ikilegea baada ya kuvuta waya, nani analipa kurudia?

Angalia sababu kwanza, chimbua pembeni mpaka uone chini. Kina kikiwa 40 badala ya 60, na utepe ulikuwepo kwenye mtaimbo, anarudia kwa muda wake, na hiyo muwe mmeiongea mwanzo. Kama kina kimefika ila zege inamong'onyoka mkononi, uliza nani alisema ratio ya simenti. Mara nyingi ni mwenye kazi aliyetaka mfuko mmoja utoshe nguzo kumi na tano, hapo unalipa masaa. Kama ni nguzo za kona ndo zimeinama kuelekea ndani, tatizo ni kuvuta waya kabla zege haijakomaa au kona haikuwekewa nguzo ya kuegemeza kwa mshazari, na kama wewe ndo ulisema "vuteni tu leo tumalize", masaa ya kulegeza waya, kunyoosha na kumwaga upya ni ya kwako yote, kwa bei ile ile ya 2,800.